cos(6πn/35): mbona kipindi chake ni 35 na si 35/3?

BintiTudor

Asalaam aleikum wanajukwaa. Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme hapa Mombasa, na kuna swali la ishara za sampuli linanikeresha tangu juzi. Tumepewa x[n] = cos(6πn/35), n ikiwa namba nzima. Tuseme kama ishara inajirudia, na kama inajirudia tutaje kipindi chake cha msingi.

Nimefanya vile tulivyozoea kwenye somo la mawimbi, 2π gawanya kwa w. Hapa w ni 6π/35, kwa hiyo napata 35/3, kama 11.67 hivi. Karatasi ya majibu inasema 35.

Swali linalofuata ni cos(n), na jibu lao ni kwamba haijirudii kabisa. Nimeichora kwenye kompyuta, naiona inapanda na kushuka vizuri tu. Kosini inawezaje kutojirudia? Mwenye kuelewa anifafanulie, mtihani uko karibu.

Kisauni_Mtu

Waaleikum salaam dada. Mbona unajitesa? Kosini yoyote ile inajirudia, hilo halina mjadala. cos(n) kipindi chake ni 2π, yaani 6.28. Hiyo ya kwanza ni 11.67 kama ulivyopata. Karatasi ya majibu imekosewa, peleka kwa mwalimu airekebishe. Sisi tuliosoma umeme wa majumbani tunajua umeme wa 50 Hz kipindi chake ni 1/50, milisekunde 20, na haijawahi kuwa kitu kingine.

KijanaNyali

@Kisauni_Mtu hapana kaka, hiyo yako ni ishara ya wakati unaoendelea bila kukatika. Ya dada ina n, namba nzima peke yake. Hakuna sampuli ya 6.28, wala ya 11.67. Kipindi sharti kiwe namba nzima ya sampuli.

@BintiTudor kanuni ni rahisi, ishike hivi: ukiona π ndani ya frikwensi, inajirudia. Usipoiona π, haijirudii. 6π/35 ina π, inajirudia. cos(n) haina π, haijirudii. Kisha chukua 35/3 yako uizidishe mpaka ipatikane namba nzima: mara 1 ni 11.67, mara 2 ni 23.33, mara 3 ni 35. Basi, jibu 35. Mtihani wote utaumaliza kwa kanuni hiyo.

BintiTudor

Ahsante @KijanaNyali. Kuzidisha nimekuelewa, lakini sielewi kwa nini. Ile 3 tunayozidishia ina maana gani kwenye ishara yenyewe? Na kuhusu π, ni kanuni au ni bahati tu ya maswali tunayopewa?

Mzee_wa_Ganjoni

Binti, umeuliza swali lenyewe hasa. Nimefanya kazi ya mawasiliano ya simu miaka mingi kabla ya kustaafu, na hili ndilo jambo nililowaona vijana wakilikariri bila kuliona. Hebu tulitazame polepole.

Fikiria mshale mmoja kama wa saa ya ukutani. Kosini ni kivuli cha ncha ya mshale huo unapozunguka. Kwenye ishara ya sampuli mshale hautelezi, unaruka. Kila n ikiongezeka kwa 1, mshale unaruka pembe ya w. Duara zima ni 2π. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kugawa w kwa 2π, ujue kila mruko ni sehemu gani ya duara. Kwako wewe:

w/2π = (6π/35)/2π = 3/35

Kila sampuli, mshale unaruka 3/35 ya duara. Sasa uliza: baada ya miruko mingapi utatua palepale ulipoanzia?

Fuatisha nami. Kwenye n = 11 umekwenda 33/35, bado haujamaliza duara. Kwenye n = 12 umekwenda 36/35, umeshapita mahali pa kuanzia kwa 1/35. Ile 11.67 yako iko kati ya 11 na 12. Mshale ulipapita mahali pale hewani, ukiwa unaruka, haukutua. Hakuna sampuli iliyochukuliwa pale. Endelea mzunguko wa pili: n = 23 umefika 69/35, mizunguko miwili ingekuwa 70/35, umepungukiwa 1/35. Mzunguko wa tatu: n = 35 ni 105/35, yaani 3 kamili. Umetua palepale, na kuanzia hapo kila kitu kitafuatana kama mwanzo.

Basi ile 3 ndiyo idadi ya mizunguko ambayo mshale unaikamilisha ndani ya kipindi kimoja cha sampuli 35. Juu ya sehemu una mizunguko, chini yake una sampuli. Ukishairahisisha sehemu mpaka mwisho, namba ya chini ndiyo kipindi cha msingi.

Kurahisisha usikupuuze. Angekupa cos(6πn/36), ungepata 3/36, ambayo ni 1/12, na kipindi ni 12, si 36. Sampuli 36 pia zingejirudia, lakini kipindi cha msingi ni kile kidogo kuliko vyote.

Na hapo utazame jambo linaloshangaza wengi. 1/12 ni 0.0833 na 3/35 ni 0.0857. Ya pili ina frikwensi ya juu zaidi, mshale wake unakimbia zaidi, lakini kipindi chake ni 35 wakati ya kwanza ni 12. Kwenye wimbi lisilokatika frikwensi ikipanda kipindi hupungua, siku zote. Kwenye sampuli usitegemee hivyo. Kipindi hapa hakifuati ukubwa wa frikwensi, kinafuata namba ya chini ya sehemu yake.

Kisauni_Mtu

Shikamoo Mzee. Sasa umeme wangu wa 50 Hz mnataka kuniambia haujirudii?

Mzee_wa_Ganjoni

Marahaba. Umeme wako unajirudia kila milisekunde 20, sijaugusa. Lakini ukiupima kwa mtambo unaochukua sampuli 8000 kwa sekunde, sehemu yako ni 50/8000, yaani 1/160. Kipindi ni sampuli 160, na hizo 160 ni milisekunde 20 zilezile. Wewe umezoea hali ambayo namba ya juu ni 1, ndiyo maana hujaona tofauti. Ungepima 60 Hz kwa mtambo huohuo, 60/8000 ni 3/400. Wimbi lenyewe linajirudia kila milisekunde 16.67, lakini orodha ya sampuli inahitaji sampuli 400, yaani milisekunde 50, ndipo ianze upya namba kwa namba.

KijanaNyali

Mzee nashukuru, lakini kanuni yangu ya π inabaki palepale, sivyo? w ikiwa na π, ukigawa kwa 2π, π zinakatana, inabaki sehemu.

Mzee_wa_Ganjoni

Mwanangu, umefika nusu ya njia. π zinakatana, kweli. Lakini kilichobaki si lazima kiwe sehemu ya namba nzima juu ya namba nzima. Nikikupa cos(√2·πn)? π ipo, unaiona kwa macho. Gawa kwa 2π, inabaki √2/2, na hiyo haiandikiki kama namba nzima juu ya namba nzima hata ukeshe. Ishara hiyo haijirudii. Kwa hiyo usitafute π kwa macho. Gawa kwa 2π, kisha utazame kilichobaki. Hilo ndilo jaribio lenyewe.

Nusu ya pili ya kanuni yako, kwamba bila π haijirudii, inafaa kwa namba kama 1, 0.5 au 7/3, kwa sababu ukigawa namba kama hizo kwa 2π, π inabaki chini bila wa kuikata, na Lambert alishathibitisha miaka ya 1760 kwamba π haiandikiki kama sehemu. Isipokuwa w = 0, hiyo ni mstari ulionyooka tu.

KijanaNyali

√2 kwenye mtihani sijawahi kuiona, ila sawa, naikubali. Lakini cos(n) mimi nina shaka nayo. Nimeandika programu ya kutafuta kipindi, na inanipa jibu:

```python
import math
def tafuta(w, kosa):
    for N in range(1, 200000):
        if abs(math.cos(w*N) - 1) < kosa:
            return N

print(tafuta(1, 1e-6))
```

Inachapisha 710. Nikipiga hesabu, cos(710) ni 0.999999998. Kwa mhandisi hiyo ni 1. Sasa kwa nini tusiseme cos(n) kipindi chake ni 710 tukamaliza?

BintiTudor

Nimeijaribu sasa hivi. Lakini nikibadilisha kosa inabadilika! Nikiweka 1e-3 inanipa 44. Nikiweka 1e-6 inanipa 710. Nikiweka 1e-9 inanipa 103993. Ishara moja, vipindi vitatu. Halafu nikaweka w = 6*math.pi/35, inatoa 35 kwa zote tatu.

Mzee_wa_Ganjoni

Binti, hapo umeushika mkia wa jambo. Ishara inayojirudia kweli, ukiikaza programu, jibu linafika mahali linatulia. 35 imetulia. Isiyojirudia, kila ukikaza jibu linakimbia mbele. 44, 710, 103993, na ukiendelea kukaza litaendelea kukimbia mpaka usahihi wa kompyuta yenyewe uishe.

Namba hizo hazikutokea hivihivi. 44/7 ni ile 22/7 ya shule ya msingi mara mbili. 710/113 ni 355/113 mara mbili, makadirio mazuri mno ya π. Programu yako, KijanaNyali, haikutafuta kipindi. Imetafuta sehemu nzuri inayokaribia 2π.

Na kuna kosa jingine ndani yake, limejificha. Unapima kwenye n = 0 peke yake, na pale kosini iko kileleni, ambapo ni bapa. Pembe ikikosea kidogo, kileleni hakuonekani. Pima sin(710) badala ya cos. Utapata 0.00006, wakati cos ilikwambia imekosea sehemu mbili za bilioni tu. Kosa la pembe ni lilelile, ila kosini ilipokuwa kileleni ililifunika. Ukitaka kulinganisha ishara na nakala yake, linganisha sampuli zote za kipindi kizima, usilinganishe ile ya kwanza pekee.

KijanaNyali

Sawa, sin(710) nimeiona, 6e-5. Lakini bado nasema kwa kazi nyingi 6e-5 haina madhara.

Mzee_wa_Ganjoni

Kwa kipande kifupi, haina. Kwa ishara inayozunguka mfululizo kutwa, kosa hilo linajumlika kila sampuli 710. Hapo inategemea kazi, na sitabishana nawe. Ila mtihani haukuulizi kazi gani. Unauliza kama inajirudia, na jibu ni hapana.

FundiKongowea

Samahani wakubwa kwa kuingilia. Nimesoma uzi wote na nadhani ugonjwa wangu ni huuhuu. Mimi natengeneza kengele za mlango, bodi ndogo na spika. Nataka sauti ya 440 Hz. Bodi inatoa sampuli 44100 kwa sekunde. Nimeijaza meza ya sampuli 1000 za sini, nikaiambia izunguke: ikifika mwisho irudi mwanzo. Sauti inatoka, lakini ina mkwaruzo, kama spika imechanika. Nimebadilisha spika, mkwaruzo upo. Nimebadilisha waya, upo. Je, meza ni fupi? Niifanye 4000?

Mzee_wa_Ganjoni

Spika yako haina kosa, fundi. Gawa: 440/44100. Rahisisha kwa 20, unapata 22/2205. Kipindi cha msingi ni sampuli 2205, mizunguko 22. Meza yako ya 1000 inabeba mizunguko 9.977, inakatika mzunguko wa kumi ukiwa haujakwisha.

Tazama mshono wake. Sampuli ya mwisho, n = 999, ni kama -0.204. Kisha meza inarudi mwanzo, 0. Hapo sauti imepanda 0.204 kwa hatua moja. Sini yako ikipita sifuri kawaida hupanda kama 0.06 kwa hatua. Kwa hiyo kila meza inapojirudia kuna mruko zaidi ya mara tatu ya kawaida, na unatokea mara 44 kila sekunde. Huo ndio mkwaruzo.

4000 haitakuponya. Mizunguko itakuwa 39.909, mshono utabaki, tena mkubwa zaidi, ila utasikika mara chache zaidi. Ifanye 2205 kamili, mshono utatoweka.

FundiKongowea

2205 kwa baiti mbili kila sampuli ni baiti 4410. Kumbukumbu ya bodi hii ni finyu na kuna mambo mengine ndani. Haiwezekani ikapungua?

BintiTudor

Fundi, ngoja nijaribu. Kinachoamua ni sehemu, si 440 peke yake. Bodi yako unaweza kuipangia sampuli ngapi kwa sekunde? Ungeipangia 44000 badala ya 44100, sehemu inakuwa 440/44000, ambayo ni 1/100. Meza ya sampuli 100 tu! Nimekosea, Maalim?

Mzee_wa_Ganjoni

Hukukosea hata chembe. Na kwa kengele ya mlango hata 44000 ni nyingi. Mpangie 8000: 440/8000 ni 11/200. Sampuli 200, mizunguko 11.

KijanaNyali

Lakini hata kwenye 44100 angeweza kuweka meza ya sampuli 100 akaacha. 44100 gawanya kwa 100 ni 441. Angepata 441 Hz badala ya 440, nani atasikia tofauti mlangoni?

Mzee_wa_Ganjoni

Kweli, almradi ajaze meza kwa mzunguko mmoja kamili, asiijaze kwa sini ya 440 akaikata. Ukiijaza ya 440 mshono unabaki, mdogo lakini upo. Ukikubali kubadilisha frikwensi kidogo, ibadilishe kwenye sampuli zote kwa usawa, usiliache kosa lote likakaa sehemu moja.

Maji_Kilindini

Wanajukwaa, nimefuatilia kimya kimya. Mimi nashughulika na vipimo vya maji ya bahari, kujaa na kupwa, vinavyochukuliwa kila saa bandarini Kilindini. Nina swali ambalo naona kanuni ya Mzee inalishindwa.

Mkondo mkubwa wa maji yetu unasababishwa na mwezi. Wapimaji wanauita M2. Kasi yake ni nyuzi 28.9841042 kwa saa, yaani unamaliza mzunguko kwa saa 12.42 hivi. Ule wa jua, S2, ni nyuzi 30 kwa saa. S2 ni rahisi: 30/360 ni 1/12, kipindi sampuli 12. Sasa M2 nikipima kila saa, inajirudia au haijirudii?

Nimefuata njia yenu. Nikiandika 29 kwa kukadiria, 29/360 haipungui tena, kipindi ni saa 360, siku 15. Nikiandika 28.984, sehemu inashuka kuwa 3623/45000, kipindi saa 45000, zaidi ya miaka mitano. Nikiandika tarakimu zote, 28.9841042, chini nabaki na 1800000000. Saa bilioni moja na milioni mia nane, miaka kama 205,000! Bahari ni ileile. Nimeongeza tarakimu tu.

BintiTudor

Subhanallah. Siku 15 mpaka miaka laki mbili!

KijanaNyali

Ndiyo nilichokuwa nasema na 710 yangu. Swali la kujirudia au kutojirudia lina maana kwenye karatasi tu. Kwenye vitu halisi halina.

Mzee_wa_Ganjoni

Polepole, mwanangu. Kwa fundi lilikuwa na maana, kwa sababu 440 na 44100 yeye mwenyewe ndiye aliyezichagua, na saa ya bodi ndiyo inayoamua zote mbili. Hata saa ya bodi ikienda mbele kidogo, uwiano wa 22/2205 haubadiliki, kwa kuwa meza inahesabu sampuli, haihesabu sekunde. Namba zilizochaguliwa zina sehemu yake.

M2 haikuchaguliwa na mtu. Imepimwa. Namba iliyopimwa ina tarakimu za mwisho zisizojulikana, na ndani ya upana wa kutojua kwetu mna sehemu zenye namba ndogo chini, sehemu zenye namba kubwa chini, na namba zisizo sehemu kabisa, zote zimechanganyika. Kipimo hakiwezi kuchagua kati yao. Kwa hiyo nakubaliana na Maji kwamba ile bilioni moja na ushei si sifa ya bahari. Ni sifa ya mahali alipoacha kuandika tarakimu.

Badala ya kuuliza kama inajirudia, muulize: baada ya saa ngapi itakuwa karibu sana na ilipoanzia, na itakosea kiasi gani? Swali hilo lina jibu.

Maji_Kilindini

Hilo nilishalifanya. Mizunguko 19 ya M2 ni saa 235.99. Yaani baada ya saa 236 maji ya mwezi yanarudi palepale, kosa kama nusu dakika. Na zile saa 360 zina faida yake: ndani ya siku 15 M2 inakuwa na mizunguko 28.984, karibu sana na 29, na S2 ina 30 kamili. Nikikata data yangu kwa siku 15, mikondo hiyo miwili haimwagiki mmoja kwenye mwenzake ninapozitenganisha frikwensi. Nikikata siku 10, inachanganyika.

Lakini sikubaliani nawe jambo moja, Mzee. Saa 236 ni nzuri kwa M2 peke yake. Kwa S2, 236 ni mizunguko 19 na theluthi mbili, iko mbali na kuanza upya. Bamvua na maji mafu yanatokana na hao wawili kukutana na kuachana, na hilo linachukua siku 14.77. Wavuvi wetu hawaangalii M2, wanaangalia bamvua. Kwa hiyo "karibu sana" ya mkondo mmoja haimfai mtu.

Mzee_wa_Ganjoni

Hapo umenipeleka kwenye jumla ya ishara mbili. Kwa sehemu kamili ni rahisi, unachukua KDS ya vipindi. Binti, cos(πn/6) ukiijumlisha na cos(6πn/35) yako utapata kipindi gani?

BintiTudor

Ya kwanza ni 12, ya pili ni 35. Hazina kigawo cha pamoja, kwa hiyo KDS ni 420.

Mzee_wa_Ganjoni

Vyema. Sampuli 420, hata kama kila mmoja peke yake alijirudia mapema. Kwa M2 na S2 hakuna KDS ya kushika, kuna makadirio tu, na makadirio mazuri kwa mmoja yanaweza kuwa mabaya kwa mwenzake. Maji, siku 15 zako ni suluhu ya wote wawili kwa pamoja, na mimi sijui namba fupi iliyo bora kuliko hiyo. Ukiongeza N2 na mikondo ya mara moja kwa siku, hata siku 15 zitakulegea.

Maji_Kilindini

Zinalegea kweli. N2 na M2 hazitenganishiki kwa siku 15, nahitaji karibu mwezi mzima. Basi kila mkondo ukiongezwa, urefu unaofaa unabadilika. Nitaendelea kulitafuta.

FundiKongowea

Wakubwa, nimeipangia bodi 8000, meza ya sampuli 200. Mkwaruzo umekwisha, sauti nyororo. Allah awalipe.

Sasa mteja anataka kengele ya sauti mbili, ting-tong, zisikike pamoja mwishoni. Ya pili amesema iwe 523.25 Hz. Nimegawa 523.25/8000, nikaandika 2093/32000, haipungui tena. Hiyo ni meza ya sekunde nne nzima!

BintiTudor

Usiipige 523.25, fundi. Ipige 520. 520/8000 ni 13/200. Kipindi 200, sawa na ile ya kwanza. Sauti zote mbili zinaingia kwenye meza moja ya sampuli 200, hata KDS huhitaji.

KijanaNyali

Au 525. 525/8000 ni 21/320, KDS ya 200 na 320 ni 1600. Meza ndefu zaidi, lakini 525 iko karibu na 523.25 kuliko 520.

FundiKongowea

520 nimeiweka. Mimi naisikia sawa. Mteja ana kinanda nyumbani, anasema imelegea kidogo. Kesho nampelekea na ya 525 azisikilize zote mbili, achague mwenyewe.